Okonkwo Kizimbani

Clement Ndulute alipoifasiri kwa Kiswahili riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe, iliyokuwa imetoka London kwa Kiingereza mwaka 1958, tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Shujaa Okonkwo. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anapokea hukumu kabla ya ushahidi. Jalada limeshamwambia huyu ni shujaa. Halafu anafungua kurasa, anamkuta shujaa mwenyewe akimpiga mke katika juma ambalo kijiji kizima kimekatazwa hata kugombana, akimfyatulia mke mwingine bunduki baada ya ugomvi ulioanzia kwenye majani machache ya mgomba, na mwisho akimkata kwa panga mtoto aliyekuwa akimwita baba. Darasa lolote linalosoma kitabu hiki halikosi mwanafunzi wa kunyoosha mkono na kuuliza: mwalimu, huyu ni shujaa kweli?

Njia moja ya kulijibu swali hilo, na kwa maoni yangu inashinda mdahalo wa kawaida, ni kuwapa wanafunzi wawili kalamu na kuwaambia wauandike ubishi wao kama mchezo mfupi: jina, nukta mbili, maneno; jina, nukta mbili, maneno. Katika mdahalo kila mmoja anashughulikia upande wake, na mwenye sauti kubwa huondoka na makofi. Katika mazungumzo ya kuandikwa, mikono ileile inaandika pande zote mbili. Ukimfanya mpinzani wako mjinga, wasikilizaji watajua mara moja kwamba uliogopa hoja yake.

Kasimu na Subira ninaowaleta hapa nimewabuni, na maneno yao nimeyatunga mimi. Ushahidi wao ndio si wa kubuni. Wote umo kitabuni. Kwanza niwaonyeshe jinsi mazungumzo ya aina hii yanavyoharibika.

KASIMU: Okonkwo ni katili, ana majivuno na hana huruma.

SUBIRA: Hapana. Okonkwo ni shujaa, mchapakazi na mtetezi wa mila.

KASIMU: Anapiga wake zake.

SUBIRA: Lakini alimwangusha Amalinze, bingwa ambaye kwa miaka 7 mgongo wake haukugusa ardhi.

Yote waliyosema ni kweli, na bado hakuna mazungumzo. Kipimo chake ni rahisi: ichukue mistari hiyo minne, ipange upya vyovyote utakavyo. Hakuna kitakachoharibika, kwa sababu hakuna mstari uliozaliwa na ule uliotangulia. Ni orodha mbili za sifa zilizopigwa pasi pamoja. Mieleka haijibu kipigo, wala kipigo hakijibu mieleka.

Kuna tatizo jingine limejificha humo. Wawili hawa hawabishanii jambo moja. Subira akisema shujaa anasimulia jinsi kijiji cha Umuofia kinavyomwona Okonkwo. Kasimu akisema katili anasimulia anavyomwona yeye, Kasimu. Na mwalimu, akiwa amekaa pembeni, huenda anafikiria maana ya tatu: mhusika mkuu, yule ambaye hadithi inamfuata kila aendapo. Kuwa mhusika mkuu ni nafasi tu ndani ya hadithi. Mwizi anaweza kupewa nafasi hiyo, na mtume pia. Jahili naye, kwa lugha ya darasa la fasihi, ni yule anayewatakia wenzake mabaya na kuyatenda kwa kukusudia. Mtu mmoja anaweza kuwa mhusika mkuu na jahili kwa wakati mmoja. Basi mzigo wa Kasimu ni mzito kuliko anavyodhani. Kuonyesha kwamba Okonkwo alitenda mabaya hakutoshi. Anatakiwa aonyeshe nia.

Mahali pa kuitafuta nia hiyo ni sura ya 7. Kabla ya hapo tunajua kwamba mtu wa kijiji cha Mbaino alimuua mke wa Ogbuefi Udo, na Umuofia, badala ya vita, ikapewa msichana na mvulana wa miaka 15. Msichana akaenda kwa Udo kuziba pengo la mkewe. Mvulana, Ikemefuna, akawekwa nyumbani kwa Okonkwo hadi wazee watakapoamua. Wazee wakasahau, au walionekana wamesahau, kwa miaka 3. Katika miaka hiyo Ikemefuna akawa kaka wa Nwoye, mtoto wa kwanza wa Okonkwo, na Okonkwo mwenyewe akampenda, ingawa kimoyomoyo. Alimruhusu kumbebea kigoda na mkoba wake wa ngozi ya mbuzi kwenda kwenye mikutano ya wakubwa, heshima ambayo hupewa mwana. Kisha Mzimu ukaamua auawe. Hapa ndipo Kasimu aanzie.

KASIMU: Mieleka nakuachia. Tuzungumze njia ya msituni. Mtoto amebeba chungu cha pombe kichwani, yuko katikati ya wanaume wenye mapanga, anamuwaza mama yake. Nyuma yake mtu anakohoa.

SUBIRA: Na aliyekohoa si Okonkwo.

KASIMU: Si yeye.

SUBIRA: Wala pigo la kwanza si lake. Yeye alikuwa amejivuta nyuma kabisa, na panga lilipoinuliwa aligeuza uso.

KASIMU: Sawa, nimekubali. Chungu kikaanguka kikavunjika. Mtoto akamkimbilia nani?

SUBIRA: Usinihoji kama polisi.

KASIMU: Alimkimbilia nani, Subira?

SUBIRA: Alimkimbilia yeye. Akimwita baba.

KASIMU: Na huyo baba?

SUBIRA: Unajua alichofanya. Lakini Mzimu ulishasema mtoto afe. Okonkwo angesimama tu, wenzake wangemmaliza palepale.

KASIMU: Sijauliza kama mtoto angepona. Nimeuliza mkono ni wa nani.

Jaribu sasa kuipanga upya mistari hii. Haiwezekani. Kila jibu limeshika neno la mwenzake. Kasimu amekubali mambo mawili yanayomuumiza, kukohoa na pigo la kwanza, na ukubali huo ndio uliompa haki ya kusisitiza swali lake la mwisho.

Hoja iliyomo humo inataka nafasi, maana wengi hupotea hapa. Kifo cha Ikemefuna kina ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni amri: Mzimu wa Milimani na Mapangoni umesema auawe, na hilo Okonkwo hakuwa na uwezo wa kulibadilisha. Ya pili ni msafara: wanaume wanamchukua mtoto, na Okonkwo anaungana nao. Ya tatu ni panga. Mwanafunzi anayeandika kwamba Okonkwo aliamriwa na Mzimu kumuua Ikemefuna amezibana ngazi zote tatu kuwa moja, na kwa kosa hilo tu utajua alisoma muhtasari. Mzimu uliamuru kifo. Haukumtaja muuaji. Zaidi ya hapo, mzee Ezeudu, mtu mwenye heshima kubwa kijijini, alikuja mwenyewe mpaka uani, akamwita Okonkwo pembeni na kumpa habari pamoja na onyo: mtoto huyu anakuita baba, usishiriki kifo chake. Mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Obierika, rafiki yake mkubwa, aliutumia mlango uleule, akabaki nyumbani, na hakuna aliyemgusa.

Kwa nini basi Okonkwo alikwenda, na kwa nini alikata? Msimulizi hatuachii tubahatishe. Anasema waziwazi kuwa Okonkwo aliogopa kuonekana dhaifu. Hakumchukia mtoto. Hakuna mali aliyoipata kwa kifo hicho. Na baada ya hapo alikaa siku mbili bila kutia chakula kinywani, akinywa pombe tu, hadi macho yakawa mekundu, naye akajiuliza tangu lini amekuwa mwanamke kikongwe wa kutetemeka. Jahili gani hushindwa kula baada ya kazi yake?

Kwa hiyo katika kipande hiki Kasimu ameshinda tendo na amepoteza nia. Akiwa mwandishi mwaminifu, atamwachia Subira alitumie pengo hilo.

SUBIRA: Umesema mwenyewe hakumchukia. Sasa jahili asiye na chuki ni jahili wa namna gani? Yule alikuwa na hofu. Alipokuwa mdogo mtoto mwenzake alimwambia baba yako ni agbala, neno wanalomwita mwanamke, na pia mwanamume asiye na cheo hata kimoja. Baba yake Unoka alikuwa akichora madeni yake kwa chaki ukutani. Mtu akija kumdai kauri 200 anaonyeshwa ukuta, anaambiwa wako wanaodai nyingi zaidi, subiri. Alipougua uvimbe hakuruhusiwa hata kufia nyumbani. Walimbeba wakamtupa Msitu Mwovu.

KASIMU: Akaenda na zumari lake.

SUBIRA: Ndiyo, akaenda na zumari lake! Mtoto wa mtu huyo unamtaka awe nani?

KASIMU: Awe mkulima. Na alikuwa. Alikwenda kwa Nwakibie kuomba mbegu za viazi vikuu akapewa 800, mwaka ule jua likaunguza, mvua ikaozesha, na hakukata tamaa. Hapo namvulia kofia. Lakini wenye baba wenye madeni ni wengi, Subira, na hawachinji watoto. Wewe umenieleza panga limetoka wapi. Hujaniambia kwa nini tulisamehe.

Tofauti aliyoigusa Kasimu hapo mwishoni, kati ya kueleza na kusamehe, ndiyo inayookoa ubishi wote huu usigeuke kuwa maombolezo ya utoto mgumu. Unoka anaeleza mengi. Msimulizi anasema Okonkwo alichukia kila alichokipenda baba yake, na kati ya vitu hivyo kimoja kilikuwa uvivu na kingine kilikuwa upole. Angekuwa na subira ya kuvitenganisha angeutupa uvivu peke yake. Alivitupa vyote kwa pamoja, na sehemu kubwa ya maafa ya kitabu inatoka hapo. Nwoye anapopenda hadithi za mama yake kuliko hadithi za vita, Okonkwo haoni mtoto mpole. Anaona Unoka amerudi.

Subira sasa anatakiwa kutoa kitu kizito kuliko huruma, na anacho. Mimi nadhani ndio ushahidi bora wa utetezi katika kitabu kizima, na ni wachache wanaoutumia kwa sababu hauna damu.

SUBIRA: Sura ya 11. Usiku, Chielo, kuhani wa Agbala, anakuja kumchukua Ezinma. Mtoto wa pekee wa Ekwefi, aliyebaki baada ya wenzake 9 kufa. Anambebea mgongoni anaingia naye gizani. Ekwefi anamfuata, anafika kwenye mdomo wa pango, amesimama anatetemeka. Anasikia nyayo nyuma yake. Nani?

KASIMU: Okonkwo. Ameshika panga.

SUBIRA: Na ilikuwa mara yake ya ngapi kuja pale usiku ule?

KASIMU: Ya nne.

SUBIRA: Ya nne! Na wala hakusema. Sisi wasomaji tunaambiwa baadaye, kama siri. Mtu huyo kwenda kumvizia mungu wa kijiji chake kwa ajili ya mtoto wa kike ni ushujaa ule ambao hauna mtu wa kuupigia ngoma.

KASIMU: Na Ekwefi anayemlinda usiku ule si ndiye aliyemlenga bunduki sura ya 5?

SUBIRA: Ndiye.

KASIMU: Alikosa.

SUBIRA: Alikosa, ndiyo. Zama zile, Kasimu, kumpiga mke halikuwa jambo la ajabu. Usimpime kwa rula ya leo.

Mwalimu akisikia sentensi hiyo ya zama zile anyooshe masikio, maana ndiyo kichaka ambacho wengi hujificha. Inasikika kama hekima, nayo ina ukweli ndani yake: huwezi kumdai mtu wa Umuofia, mwishoni mwa karne ya 19, ayajue tunayoyajua sisi. Lakini kabla ya kuitumia ni lazima ukague kitabu chenyewe kuona watu wa zama zile walisemaje. Kasimu amekagua.

KASIMU: Basi tumpime kwa rula ya Umuofia. Sura ya 10, baraza la egwugwu, mababu wenye vinyago. Kesi ni ya nani?

SUBIRA: Ya Uzowulu. Mkewe Mgbafo amechukuliwa na kaka zake.

KASIMU: Kwa nini wamchukue?

SUBIRA: Kwa sababu... alikuwa akimpiga.

KASIMU: Na mababu wakaamua?

SUBIRA: Uzowulu apeleke pombe kwa wakwe, amwombe mkewe arudi.

KASIMU: Egwugwu walikuwa 9. Wa pili alitembea kwa mwendo wa kudundadunda ambao wake wa Okonkwo waliufahamu vizuri. Na wakitazama upande wa wazee wenye vyeo, Okonkwo hayupo. Subira, aliketi nyuma ya kinyago kusikiliza kesi ya mpiga mke.

SUBIRA: Hilo sikuliona.

Mstari wa mwisho wa Subira ni mfupi, na ndio ninaouthamini kuliko yote katika mazungumzo haya. Mwanafunzi anayeweza kumwandikia mhusika wake maneno hayo ameacha kupigania ushindi. Tusimwachie Kasimu ayachukue yote, hata hivyo. Hukumu ile ya egwugwu ilihusu kurudisha amani kati ya koo mbili, na mzee mmoja akashangaa baadaye kwa nini kesi ndogo namna ile imeletwa mbele ya mababu. Umuofia haikuwa mtetezi wa Mgbafo. Ilichoonyesha ni kwamba kipigo kinaweza kufikia mahali kikashitakiwa, kwa sharti kwamba mke awe na kaka wenye nguvu.

Ukifuatilia uzi huo unafika kwenye jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo linalofanya swali la shujaa au jahili lisitulie. Tazama Okonkwo aliadhibiwa kwa lipi na kwa lipi hakuadhibiwa. Alimpiga Ojiugo, mke wake mdogo, ndani ya Juma la Amani, kwa sababu alikwenda kusukwa nywele akachelewa kupika. Kuhani wa Ani, mungu wa ardhi, akamtoza mbuzi jike mmoja, kuku mmoja, kitambaa na kauri 100. Adhabu imetolewa, lakini si kwa ajili ya Ojiugo. Kuhani anasema hata mke angekuwa na kosa kubwa kiasi gani, juma lile lilikuwa takatifu. Ardhi ikikasirika itazuia mavuno, kijiji kizima kitakufa njaa. Alipomfyatulia Ekwefi risasi, kijiji hakikumtoza hata kuku. Alipomuua Ikemefuna, kijiji kilinyamaza vilevile. Obierika peke yake ndiye aliyemwambia usoni kwamba tendo lile ni la aina ambayo mungu wa ardhi huangamiza kwayo ukoo mzima. Halafu, katika mazishi ya Ezeudu, bunduki ya Okonkwo ikalipuka, kipande cha chuma kikamchoma mtoto wa marehemu, kijana wa miaka 16. Ajali tupu. Kwa hilo akahukumiwa uhamisho wa miaka 7, na alfajiri wanaume wakaja wamevalia mavazi ya vita wakachoma nyumba zake na kubomoa kuta zake. Obierika alikuwa miongoni mwao.

Kwa hiyo kuna mahakama mbili, ya kijiji na ya msomaji, na hazikutani karibu popote. Kijiji kinamhukumu kwa ajali ambayo msomaji angeisamehe bila kufikiri. Kinanyamazia tendo ambalo msomaji hawezi kulisahau. Marehemu aliyezikwa siku ile, tena, ni yuleyule Ezeudu aliyemwonya kuhusu Ikemefuna, na aliyekufa kwa bunduki ya Okonkwo ni kijana wa umri wa karibu na Ikemefuna. Achebe hasemi kwamba deni limedaiwa. Ameyaweka tu mambo hayo karibukaribu na kutuacha tuyatazame.

Na asidhani mtu kwamba mahakama ya msomaji ni ya kigeni. Baada ya kuchoma nyumba za rafiki yake, Obierika anakaa peke yake na kujiuliza kwa nini mtu ateseke kiasi kile kwa jambo ambalo hakulikusudia. Halafu anawakumbuka watoto wake pacha waliotupwa msituni: wao walikuwa wamekosa nini? Hapati jibu. Mashaka hayo yako Umuofia kabla mmisionari hajakanyaga. Yako kwa Nwoye pia, ambaye usiku ule baba yake aliporudi bila Ikemefuna alijua bila kuambiwa, na kitu ndani yake kikalegea moja kwa moja. Rula ya zama zile, kumbe, ilikuwa na alama nyingi kuliko Subira alivyodhani.

Zimebaki sura za mwisho, nazo nitazipitia haraka kwa sababu hapo watetezi wa Okonkwo hawahitaji msaada. Kitabu kina sura 25. 13 ziko Umuofia kabla ya uhamisho, 6 ziko Mbanta kwa wajomba, na 6 ni za kurudi nyumbani akute kanisa, serikali na mahakama ya Mkuu wa Wilaya. Wazee 6, Okonkwo akiwamo, wanaitwa kwa hila kwenye mazungumzo, wanafungwa pingu, wananyolewa, wanachapwa. Serikali inatoza faini ya mifuko 200 ya kauri, na matarishi wa mahakama wanaifanya 250 ili waibe tofauti. Siku ya mkutano wa kijiji matarishi wanakuja kuuvunja, na Okonkwo anamkata kichwa mkuu wao. Anawasikia watu wakiuliza kwa nini ameua. Anajua hawatapigana. Anakwenda kujinyonga.

SUBIRA: Sasa niambie. Tarishi naye alikuwa mtoto?

KASIMU: Hapana.

SUBIRA: Nani alibaki amesimama siku ile? Wote waliosema mtu wa vita, mtu wa vita, walikuwa wapi?

KASIMU: Walikuwa wameona kilichowapata Abame. Kijiji kizima kilimalizwa siku ya soko. Pengine walikuwa na akili kuliko yeye.

SUBIRA: Pengine. Lakini hapo usiniambie jahili. Jahili ni Mkuu wa Wilaya. Amesimama mbele ya maiti anawaza kama habari hii itatosha sura nzima ya kitabu chake au aya moja tu.

KASIMU: Nakubali. Neno jahili nalirudisha.

SUBIRA: Ahsante.

KASIMU: Na wewe urudishe la jaladani.

SUBIRA: Obierika alisema huyu alikuwa miongoni mwa watu wakubwa wa Umuofia. Mtu mkubwa nitalishika. Shujaa... kwa Ezinma, shujaa. Kwa Ikemefuna siwezi kulisema.

Waandishi wengi wachanga wangekata hapo, na mwalimu angetoa alama nzuri. Mimi ningewaongezea wote wawili shahidi mmoja ambaye hayumo katika kitabu teule. Katika riwaya yake ya pili, ya mwaka 1960, Achebe anamfuata Obi, mjukuu wa Okonkwo. Baba yake Obi ni Isaac Okonkwo, na huyo ndiye Nwoye, mzee sasa, mlezi wa dini kanisani. Siku moja anamsimulia mwanawe kisa cha mvulana aliyelelewa naye kama ndugu na kuuawa na baba yake. Anamwambia kwamba habari za kujinyonga zilipomfikia hakwenda. Aliishi kwa upanga, akasema, basi imempata ya upanga.

Katika mtihani shahidi huyo hana kiti, na mwanafunzi asimpoteze alama kwa kumwita. Swali litauliza kitabu kimoja. Lakini katika mazungumzo haya yasiyo ya mtihani Subira ana haki ya kupinga, na angepinga hivi:

SUBIRA: Huyo ni mtoto aliyekabwa shingo na baba yake kwa kwenda kanisani. Ushahidi wake una uchungu.

KASIMU: Ushahidi wa mtoto wake mwenyewe una uchungu, wa Obierika una urafiki, wa Mkuu wa Wilaya una dharau. Tumwite nani basi?

SUBIRA: Ezinma. Hakuna aliyewahi kumuuliza Ezinma.